Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa: Cheti cha ukaguzi huru kiseme kilichokaguliwa

Kwa Mkurugenzi wa Manispaa yetu,
Kwa wajumbe wa kamati inayoshughulikia vibali vya ujenzi,
Na kwa wahandisi wenzangu mnaosaini vyeti hivi.

YAH: MANENO NA MIPAKA YA CHETI CHA UKAGUZI HURU WA USANIFU, UKUTA WA ZEGE WA STENDI MPYA

Ndugu Mkurugenzi,

Naandika hadharani kwa sababu barua nilizoleta ofisini kwako kwa njia ya kawaida hazijajibiwa, na kwa sababu mtaani imeshaanza kusemwa kwamba stendi mpya imekwama kwa ajili ya mhandisi mmoja asiyetaka kutia sahihi. Mhandisi huyo ni mimi. Ni kweli sijasaini. Kwa maneno yaliyomo kwenye fomu yenu ya sasa, sitasaini, na nina haki ya kueleza sababu mbele ya wale wale wanaonilaumu.

Kwa wasioifahamu, fomu yenyewe ina sentensi moja tu, kisha nafasi ya jina, tarehe na mhuri. Mkaguzi anatakiwa kuthibitisha kwamba amekagua usanifu wa ukuta uliotajwa na ameridhika kuwa ni salama na unafaa kwa matumizi yaliyokusudiwa. Basi. Hakuna namba ya mchoro, hakuna jina la kanuni iliyotumika, hakuna neno juu ya udongo wala maji. Karatasi hiyo ikishapigwa mhuri inaingia kwenye jalada la kibali, na kuanzia hapo kila mtu anaamini kuna mtu fulani aliyeangalia kila kitu.

Ukuta wenyewe ni wa zege lenye nondo, wa umbo la L, utakaojengwa chini ya barabara ya changarawe inayopita juu ya kiwanja cha stendi. Ukipima kutoka chini ya msingi hadi usawa wa barabara unapata mita 6. Ukuta wima una unene wa nusu mita. Bamba la msingi lina unene wa sentimita 60 na upana wa mita 4, na sehemu kubwa ya upana huo, mita 2.6, imeingia nyuma chini ya udongo. Sehemu hiyo tunaiita kisigino, na ndiyo inayoushika ukuta: udongo uliokalia kisigino unautia ukuta uzito ili usiteleze wala usipinduke. Mbele ya ukuta, kwa mujibu wa ramani yenu, ndipo daladala zitakapogeuzia, na ndipo vibanda vya mama lishe vitakapopangwa, migongo ikiegemea zege.

Haya sasa ndiyo malalamiko yangu.

1. Neno «salama» linamtaka mkaguzi athibitishe asichoweza kukijua

Mkaguzi wa usanifu anaona karatasi. Anaona michoro, ripoti ya udongo na vipimo. Hamuoni fundi akimwaga zege, wala hajui kama kifusi kitakachojaziwa nyuma ya ukuta kitakuwa mchanga uliotajwa kwenye mchoro au ule mfinyanzi uliochimbwa hapo hapo kwa sababu uko karibu na hauhitaji lori. Ukimtaka athibitishe kwamba ukuta «ni salama» umemtaka aape kwa ajili ya fundi, foremani, msambazaji wa saruji na mwendesha mashine ya kushindilia, watu ambao hatawahi kukutana nao.

Afisa mmoja aliniambia kwamba ninakwepa wajibu. Namheshimu, lakini hilo jambo ameligeuza. Neno pana namna hiyo halimpi mwananchi ulinzi wowote. Bima ya dhima ya kitaaluma, ile tunayokata wahandisi washauri, kwa kawaida inalipa pale ambapo mhandisi ameshindwa kutumia ujuzi na uangalifu unaotarajiwa kwa mtu wa fani yake. Mhandisi akitoa ahadi ya moja kwa moja kwamba kitu «kinafaa kwa matumizi», ameahidi matokeo, na ahadi ya matokeo mara nyingi iko nje ya bima hiyo. Ukuta ukianguka, kampuni ya bima itaisoma sentensi yenu, itakunja karatasi na kuondoka. Manispaa itabaki inamdai mtu mwenye kompyuta mpakato na deni la pango la ofisi.

Mimi naomba wajibu unaoweza kudaiwa: nitaje nilichokagua, kwa kanuni ipi, na kwa uangalifu wa kiwango gani. Kwa maneno hayo nikikosea nitashitakiwa nikashindwa. Kwa maneno yenu ya sasa wakili yeyote mzuri atanitoa, kwa kuwa hakuna atakayeweza kuonyesha nilipaswa kuangalia nini.

2. Cheti hakitaji mchoro hata mmoja, na michoro hubadilika

Naomba mnivumilie hapa, kwa sababu jambo hili limeshatokea kwenye mradi huu huu.

Nilipewa michoro toleo B. Nilipiga hesabu zangu, na kwa vipimo hivyo ukuta unasimama vizuri: nguvu ya kuuzuia usiteleze ni mara 1.7 ya nguvu inayousukuma, wakati kiwango tulichokubaliana kwenye mradi ni mara 1.5. Mgandamizo mkubwa kabisa chini ya msingi ni kama kilopaskali 154, na ripoti ya udongo inaruhusu 175. Sikuwa na tatizo.

Kisha likaja toleo C. Nililiona kwa bahati tu, kwa sababu mpimaji alinitumia ili nione mahali bikoni ya jirani ilipo. Kumbe kisigino kilikuwa kinavuka mpaka wa kiwanja cha mtu, hivyo msanifu akakifupisha kutoka mita 2.6 hadi mita 2. Kwenye mchoro ni mstari mmoja uliosogezwa. Kwenye hesabu, udongo unaokalia kisigino umepungua kwa karibu robo. Kigezo cha kuteleza kinashuka hadi 1.4, na mgandamizo chini ya msingi unapanda hadi 184, juu ya kile ambacho udongo unaruhusiwa kubeba. Sisemi ukuta huo ungeanguka siku ya uzinduzi. Ninachosema ni kwamba haufikii masharti ambayo sote tulikubaliana nayo, na hakuna aliyeniuliza.

Laiti ningekuwa nimeshasaini fomu yenu baada ya kukagua toleo B, cheti changu kingekuwa kinaufunika ukuta wa toleo C bila mimi kujua, kwa sababu kinasema «ukuta uliotajwa», na huo ni ukuta wowote mtakaoujenga mahali hapo.

Ziko pia ratiba za kukunja nondo. Fomu haizitaji, na wakaguzi wengi hawaziombi. Wanaona ni kazi ya karani. Lakini fundi wa nondo hakati chuma kwa kusoma kitabu cha hesabu. Anakata kwa ratiba. Kwenye ukuta huu, nondo zinazofanya kazi kubwa ni zile za wima zilizo upande wa udongo, pale ukuta unapoota kutoka kwenye msingi, kwa sababu udongo unausukuma ukuta mbele na upande wa nyuma ndio unaovutika. Hesabu zangu zinataka nondo za milimita 20 kila baada ya milimita 200, na hapo hakuna ziada ya kujivunia. Mchoro unaonyesha hivyo hivyo. Ratiba iliyoambatishwa inaonyesha milimita 16 kwa nafasi ile ile. Nadhani ilinakiliwa kutoka kwenye ukuta mfupi wa upande wa vyoo. Tofauti hiyo inaondoa zaidi ya theluthi moja ya chuma mahali ambapo ukuta ungevunjikia, na zege likishamwagwa hakuna jicho litakaloiona.

Mtu angesaini cheti cha «usanifu» kwa dhamiri safi kabisa, amekagua hesabu, na hesabu ni sahihi.

Waingereza, ambao kanuni zao bado tunazitumia kwenye ofisi nyingi, walilitatua jambo hili zamani katika utaratibu wao wa kuidhinisha madaraja na kuta za barabara. Cheti chao kinamtaka mkaguzi aseme kwamba usanifu umehamishwa sawasawa kwenye michoro ya ujenzi na ratiba za nondo, kwamba zote zimekaguliwa, kisha namba za michoro na ratiba hizo ziorodheshwe. Hatuna sababu ya kuona aibu kuchukua kinachofaa.

3. Maji hayana mwenyewe

Hili ndilo linaloninyima usingizi kuliko mengine yote.

Hesabu za msanifu, na zangu pia, zimechukulia kwamba nyuma ya ukuta hakutakaa maji. Ni dhana ya kawaida, na inakubalika pale ambapo nyuma ya ukuta kuna tabaka la kokoto, kitambaa cha kuchujia udongo, bomba lenye matundu chini, na matundu ya kutolea maji yanayopita kwenye zege. Kwa dhana hiyo, udongo pamoja na magari ya barabarani (tumeyapa kilopaskali 10) vinausukuma ukuta kwa takriban tani 13 kwa kila mita moja ya urefu wake.

Sasa chukulia kokoto hazikuwekwa, au zimeziba, na masika yamejaza maji hadi juu. Udongo ukilowa kabisa msukumo wake wenyewe unapungua, kwa sababu chembe zake zinaelea kwa kiasi. Lakini maji yanasukuma kwa nguvu yake yote, na kwa kina cha mita 6 ni tani 18 peke yake. Jumla inafika tani 26. Imekuwa mara mbili. Wakati huo huo maji yaliyopenya chini ya msingi yanaunyanyua ukuta, hivyo msuguano unaouzuia usiteleze unashuka kutoka tani 22 hadi kama tani 17. Tani 26 zinasukuma, tani 17 zinazuia. Hapo hakuna kigezo cha usalama cha kujadili, ukuta unaondoka.

Yaani kila nilichokikagua kinasimama juu ya dhana moja, kwamba maji yatatoka. Nikauliza: mchoro wa kokoto na matundu uko wapi? Nikajibiwa kwamba huo uko kwenye michoro ya mifereji, kazi ya mshauri mwingine, na haumo katika ukaguzi wangu. Mshauri huyo naye alipoulizwa akasema yeye anashughulika na maji ya juu ya ardhi, ya nyuma ya ukuta ni ya mhandisi wa zege. Kwenye michoro ya zege, matundu yameonyeshwa kama vidoti vitatu na maandishi «angalia michoro ya mifereji». Kwenye michoro ya mifereji, ukuta umeonyeshwa kama mstari mnene usio na tundu hata moja.

Juu ya kilima hicho, Ndugu Mkurugenzi, kando ya barabara ile ya changarawe, kuna bomba la maji ya mtaa na mtaro wa udongo usiosakafiwa. Hata kiangazi ukichimba pale unakuta unyevu. Hong Kong, tarehe 23 Julai 1994, ukuta wa zamani wa mawe wa Kwun Lung Lau uliporomoka baada ya mvua kubwa na kuua watu 5. Uchunguzi ulionyesha maji yaliyokuwa yakivuja kutoka kwenye mifereji iliyozikwa nyuma yake, na kwamba ukuta ulikuwa mwembamba kuliko ilivyokuwa imedhaniwa. Dhana mbili ambazo hakuna aliyezithibitisha zilikutana siku moja.

Fomu yenu haina mahali pa kuandika dhana. Nilijaribu kuandika kwa mkono pembeni, «kwa sharti kwamba maji yataondolewa nyuma ya ukuta kama ilivyo kwenye mchoro fulani». Karani alinirudishia akasema fomu iliyoandikwa pembeni haipokelewi.

4. Neno «huru» limebaki jina tu

Nitakuwa mfupi. Mkaguzi ameteuliwa na msanifu, analipwa na msanifu kutoka kwenye fungu la msanifu, na bahasha ya kwanza anayopokea ina kitabu cha hesabu za msanifu. Akifungua kitabu hicho ukurasa wa kwanza, anaanza kufuata mawazo ya mwenzake, na kosa lililomponyoka msanifu lina nafasi nzuri ya kumponyoka naye. Ukaguzi huru wa kweli unaanza na michoro, ripoti ya udongo na kanuni. Mkaguzi anapiga hesabu zake mwenyewe, kisha wanalinganisha majibu. Yakitofautiana, ndipo wanakaa mezani.

Kuna jingine linalopotea katikati. Hata ukuta wenyewe ukiwa imara, mteremko mzima unaweza kuteleza, barabara, ukuta na yote, kwa kupitia tabaka dhaifu lililo chini ya msingi. Mhandisi wa zege anadhani hilo ni la mtaalamu wa udongo. Mtaalamu wa udongo alichimba mashimo yake kwenye kiwanja cha stendi, chini, na hakupanda barabarani. Cheti lazima kiseme kama hilo limekaguliwa, na limekaguliwa na nani. Kama halijakaguliwa, liandikwe kwa herufi zinazosomeka.

5. Hoja zilizo wazi si dhana

Nimeona pia vyeti vya wenzangu vilivyosainiwa «kwa kutegemea majibu ya maoni yetu». Ndugu zangu wahandisi, hili nawaambia ninyi. Dhana ni jambo ambalo usanifu unalitegemea na ambalo mtu mwingine, aliyetajwa, atalitimiza au atalipima: aina ya kifusi, uzito wa magari, maji. Hiyo inastahili kuandikwa. Maoni yasiyojibiwa ni ishara kwamba ukaguzi haujaisha. Ukisaini kabla hujajibiwa, umeuza sahihi yako kwa ahadi, na mkandarasi atamwaga zege kesho yake asubuhi akiwa na cheti chako mfukoni. Najua presha ya mkataba ilivyo. Lakini cheti chenye maoni yaliyo wazi ni afadhali kisitoke.

Sitaki nionekane mtu wa kulalamika bila kuleta kitu mezani. Maneno ninayopendekeza kwa cheti hiki, na ambayo niko tayari kuyasaini kwa ukuta huu, ni haya:

«Tunathibitisha kwamba tumetumia ujuzi na uangalifu unaostahili wa kitaaluma katika kukagua usanifu wa ukuta wa kuzuia udongo uliotajwa, kwa hesabu zetu wenyewe zilizofanywa bila kutumia hesabu za msanifu, kwa lengo la kuhakikisha kwamba: (a) usanifu unatimiza kanuni na vigezo vilivyo katika taarifa ya msingi wa usanifu yenye namba na tarehe iliyotajwa hapa, (b) tumekagua kuteleza, kupinduka, uwezo wa udongo chini ya msingi, mporomoko wa mteremko mzima, nguvu ya zege na nondo, na upana wa nyufa, (c) usanifu huo umehamishwa sawasawa kwenye michoro na ratiba za nondo zilizoorodheshwa hapa kwa namba na toleo, ikiwemo michoro ya kuondoa maji nyuma ya ukuta. Ukaguzi huu unategemea dhana zilizoorodheshwa, na mbele ya kila dhana ametajwa mwenye jukumu la kuithibitisha wakati wa ujenzi. Ukaguzi haujumuishi ubora wa kazi wala usimamizi wa ujenzi. Toleo lolote la mchoro lisiloorodheshwa hapa halimo katika cheti hiki.»

Ni aya moja na orodha mbili. Haiongezi hata siku kwenye ukaguzi uliofanywa kwa haki. Inamsumbua yule tu aliyetaka kusaini bila kukagua. Nimeweka mporomoko wa mteremko makusudi ndani ya kifungu (b), ili asiyeweza kuukagua alazimike kuufuta na kuweka sahihi pembeni ya alichofuta. Mtu akifuta neno kwenye cheti, msomaji anashtuka. Neno lisipokuwepo tangu mwanzo, hakuna anayelikumbuka.

Kuhusu kanuni, naomba fomu imlazimishe msanifu kuchagua moja na kuitaja. Kitabu cha hesabu cha mradi huu kinachukua msukumo wa udongo kwa mtindo wa Eurocode, ambao unapunguza nguvu ya udongo kabla ya kuanza, kisha kinaingia kwenye zege kwa BS 8110, kanuni ambayo Uingereza yenyewe iliiondoa mwaka 2010 na ambayo ina namna yake tofauti ya kuongeza mizigo. Kila moja ina mantiki yake kamili. Ukikata nusu ya hii na nusu ya ile, usalama unaweza kuhesabiwa mara mbili sehemu moja na usihesabiwe kabisa sehemu nyingine. Msanifu akisema anatumia BS 8110 mwanzo hadi mwisho kwa sababu ndiyo anayoijua, mimi sina ugomvi naye.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, maombi yangu ni haya, na yote yako ndani ya mamlaka ya ofisi yako:

Kwanza, toleo C liletwe kwangu rasmi pamoja na ratiba za nondo zilizorekebishwa, na zege la msingi lisimwagwe kabla sijalijibu. Ikiwa kisigino hakiwezi kuvuka bikoni, zipo njia. Msingi unaweza kurefushwa kwa mbele, au kuwekewa jino la zege chini ili uushike udongo, ingawa jino peke yake litasaidia kuzuia kuteleza na halitashusha mgandamizo chini ya msingi. Inahitaji siku chache za kazi ya mezani.

Pili, mshauri mmoja, kwa jina, apewe mchoro wa maji ya nyuma ya ukuta. Sijali ni yupi. Mchoro uonyeshe unene wa kokoto, aina ya kitambaa, mteremko wa bomba na mahali linapomwaga, nafasi kati ya tundu na tundu, na uingizwe kwenye orodha ya cheti. Idara ya maji nayo iombwe ipime bomba la juu kama linavuja kabla kifusi hakijajaziwa.

Tatu, kwa miradi ijayo, Manispaa imteue na kumlipa mkaguzi yenyewe, au angalau imkubali kwa maandishi kabla hajaanza kazi.

Nne, fomu ya sasa iondolewe kwenye matumizi kwa kila ukuta unaozuia udongo wa kimo cha mita 1.5 na zaidi. Kimo hicho nimekipendekeza kwa sababu ndicho Waingereza wanachokitumia kuingiza kuta za barabara katika utaratibu wao wa idhini. Kama kamati inaona kwetu kianzie mita 2, tujadiliane.

Najua mkataba wa stendi una tarehe, na najua mkandarasi anahesabu kila siku kama fidia. Hata hivyo msingi bado ni shimo, nondo bado ziko kwenye mafungu pale uwanjani, na ratiba yenye makosa ni karatasi inayoweza kuchapwa upya leo jioni. Gharama ya kurekebisha haitakuwa ndogo hivi tena. Kifusi kikishajaziwa, kulijua tu tatizo kutahitaji kuchimba barabara yote ya juu.

Niko tayari kuja mbele ya kamati siku yoyote mtakayopanga, na hesabu zangu, na msanifu akiwepo. Yeye ni mhandisi mzuri na sina kesi naye. Nitaleta nakala mbili za cheti kwa maneno niliyopendekeza. Michoro ikiwa imekamilika, nitasaini hapo hapo.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mhandisi mkaguzi wa ukuta wa stendi

Nakala:
Mhandisi msanifu
Mshauri wa mifereji
Meneja wa mradi kwa upande wa mkandarasi
Mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kwa taarifa ya wenye vibanda